Mji Haukuwa Kwenye Diski

Fundi cherehani aliingia dukani Alhamisi saa nne asubuhi, ameikumbatia mashine yake ya gemu kama mtu anayepeleka kuku mgonjwa kwa daktari. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa cha bitana na kukipiga pini nne, moja kila pembe. Nilimjua kwa sura. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili, na siku moja aliwahi kunibania sketi nikiwa nimesimama hapo hapo, akakataa hela, akasema ile si kazi, ni salamu.

"Dada, kitu hiki kinanguruma," alisema akichomoa pini moja moja na kuzibana mdomoni. "Juzi jirani kagonga ukuta, anauliza nimeanza lini kusaga unga."

Nikaiwasha kwenye meza ya majaribio. Hakuwa anatania. Feni ilipiga kelele mpaka bosi akachungulia kutoka ofisini, na baada ya dakika nane mashine ikajizima yenyewe, ya moto kama pasi.

"Fundi," nikamwambia, "kuitengeneza hii ni kumpaka marehemu wanja."

Akacheka, pini bado ziko mdomoni. "Basi nipe mpya. Ila nina sharti moja. Gemu yangu iende nayo."

Gemu yenyewe ilikuwa moja tu. Hakuwahi kununua nyingine. Alikuwa nayo mwaka wa tano, gemu ya kujenga mji: unapewa kilima kitupu na mto, mengine ni akili yako. Akatoa simu akanionyesha picha aliyokuwa ameipiga kwenye kioo cha televisheni, imepinda kidogo, na mwanga wa dirisha umeifuta pembe moja.

"Binti yangu alikuwa na miaka tisa tulipoanza. Sasa ana kumi na nne. Anakaa kwa mama yake. Kwangu anakuja Jumamosi, moja ndiyo, moja siyo. Tunakaa pale kwenye kochi, kila mtu na padi yake ya kuchezea. Ona, hii shule kaijenga yeye. Haina geti. Anasema geti ndilo linalomchelewesha shuleni. Hapa nyumba ya bibi yake, kaiweka karibu na mto kwa sababu bibi anapenda kufua. Na hili duka langu. Kaliwekea madirisha kumi na mawili! Namwuliza, nani atayasafisha? Anasema, 'Wewe, baba.'"

Alikuwa akisema hayo huku akikuza picha kwa vidole viwili, kama anayenipimia kitambaa.

"Yeye ndiye kaniambia wametoa toleo jipya la gemu, la mashine hizi za kisasa. Mji unakuwa mkubwa mara tatu, watu wanatembea kwelikweli. Na sisi wenye la zamani tunapandishwa bure. Ni kweli, au ni maneno ya watoto?"

"Ni kweli," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Kosa langu halikuanzia hapo. Lilianzia kwenye swali ambalo sikumwuliza, swali la maneno matatu tu, ambalo mtu wa duka la gemu analiuliza hata usingizini: diski au mtandaoni?

Sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo mkononi. Diski ilikuwa ndani ya mashine yake, nimeisikia ikizunguka. Lakini mimi mwenyewe sijawahi kununua diski maishani mwangu. Gemu zangu zote nimezinunua kwenye duka la mtandaoni, kwa jina langu na nywila yangu. Nilipopata mashine mpya niliingia tu kwenye akaunti, zikajipanga zenyewe, nyingine zimeandikwa "pandisha bure", nyingine zikidai ada ndogo ya bei ya soda mbili tatu. Nikabonyeza, zikashuka. Kwangu mimi, kupandisha gemu ni hivyo, kama kuhama nyumba halafu ukakuta vyombo vimekutangulia.

Hata hivyo nisijifiche nyuma ya ujinga. Siku ile toleo jipya lilipotangazwa nilisoma ukurasa wa watengenezaji mpaka chini, ndiyo kazi yangu. Palikuwa na mstari: wenye diski, hakikisheni mashine yenu mpya ina sehemu ya kuingizia diski. Niliusoma. Ulikuwepo kichwani mwangu asubuhi ile, umekaa kimya kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai.

Na pale dukani tulikuwa na mashine tatu zisizo na sehemu ya diski. Nzuri, nyembamba, bei yake nafuu, lakini zilikuwa zimetukalia tangu mwanzo wa mwaka. Bosi alikuwa ameniahidi kwamba zikitoka zote tatu, nitapumzika Jumamosi mbili mfululizo. Nilikuwa sijapumzika Jumamosi miezi saba.

"Chukua hii," nikasema, nikamkabidhi ile nyembamba. "Haina kelele hata kidogo."

Akaizungusha. Fundi ni fundi, aliitafuta mishono. "Mbona haina mdomo? Diski inaingilia wapi?"

"Siku hizi diski za nini, fundi? Kila kitu kiko kwenye akaunti yako. Ukishaingia tu, unavikuta."

"Na mji?"

"Kila kitu."

"Na hii diski yangu?"

"Ni plastiki tu hiyo. Tuachie pamoja na mashine ya zamani, tutakupunguzia bei."

Akaitoa diski, akaishika pembeni kwa vidole viwili, akaiangalia jinsi mafundi wanavyoangalia kitambaa kabla ya mkasi wa kwanza. Kisha akanipa. Aliniamini. Ndivyo alivyokuwa, mtu akimwambia kiuno ni thelathini na mbili anapima mwenyewe, lakini mambo ya mashine aliyaachia wenye mashine.

Dukani kwetu kuna sheria, mashine ya mteja isilale bila kufutwa. Ni sheria nzuri. Mwaka juzi dukani kwa mtu mwingine iliuzwa mashine iliyotumika, mnunuzi akakuta ndani picha za familia ya watu. Tangu hapo bosi alibandika karatasi ukutani, na kila anayepokea mashine anafuta yeye mwenyewe, siku ile ile, anasaini. Saa saba mchana niliiwekea feni ya mezani ili isizimike njiani, nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikaniuliza, una hakika? Nikabonyeza ndiyo. Nilikuwa nakula mkate. Nakumbuka nilifuta siagi kwenye kidole kwanza ili nisichafue padi.

Diski nikaibandika bei, nikaiweka rafu ya vilivyotumika.

Ijumaa asubuhi simu ya duka ikalia.

"Dada, za kazi? Mimi yule fundi. Nimeingia kwenye akaunti, kweli nimejikuta, jina langu lipo. Lakini gemu haipo."

"Angalia kwenye maktaba yako, fundi. Upande wa kulia."

"Nipo hapo. Ni tupu. Maktaba gani haina hata daftari? Nikiitafuta dukani mwao naiona, lakini inadai bei kamili. Si ulisema bure?"

Nikatupa jicho kwenye rafu ya vilivyotumika. "Njoo nayo, fundi."

Alikuja baada ya dakika ishirini, uzi wa bluu umeng'ang'ania kwenye shati lake. Nikamwekea stuli. Nikamweleza, na safari hii nikaeleza yote, maana sasa hakuna kilichobaki cha kuuza. Nikamwambia kwamba haki ya kuichezea gemu ile haikuwa kwenye akaunti yake, kwa sababu hakuinunua kwa akaunti. Aliinunua kwa diski. Diski ndiyo ushahidi wake. Mashine inatakiwa iisome diski ndipo imruhusu apandishe bure, na hata akishapandisha, kila anapotaka kucheza, diski lazima iwe ndani, ingawa gemu mpya yote imeshashuka kutoka mtandaoni. Mashine isiyo na mahali pa kuingiza diski haiwezi kuiuliza diski swali, kwa hiyo inamwona yeye kama mtu ambaye hajawahi kununua chochote.

"Kumbe siyo plastiki tu," alisema.

"Siyo plastiki tu. Nilikosea, fundi."

"Haya. Diski si unayo?"

Nikaichomoa rafuni. Nilibandua ile karatasi ya bei kwa kucha kabla sijamwonyesha.

Nikaenda kwa bosi. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na ule mstari niliousoma. Bosi wangu si mtu wa kelele. Anapokasirika anavua miwani tu. Akavua miwani. "Mbadilishie, mpe ile yenye sehemu ya diski. Tofauti ya bei mteja hatoi hata senti. Na zile Jumamosi zako," akasema, "zisahau." Nikasema sawa. Wakati ule nilikuwa bado nadhani habari imekwisha.

Nikafungua mashine mpya mezani mbele ya fundi. Akaingia kwenye akaunti yake kwa kidole kimoja, akinificha nywila kwa kiganja kingine kama mwanafunzi kwenye mtihani. Nikaingiza diski. Mashine ikaimeza, ikanong'ona, na picha ya gemu ikatokea. Chini yake pameandikwa: umepata toleo jipya, bure. Nikambonyezesha mwenyewe.

"Ona sasa," akasema, na uso wake ukafunguka. "Kumbe kweli bure. Binti ana akili, unajua? Kaniambia miezi miwili iliyopita nikamwona mpiga porojo."

Ilichukua saa nzima kushuka. Alikataa kurudi kibandani. Akakaa kwenye stuli akiniambia habari za daraja ambalo binti yake amelikatalia lisijengwe mpaka wakubaliane jina. Yeye anataka liitwe jina la binti. Binti anataka liitwe Daraja la Wavivu. "Wiki ya tatu hii tunazozana. Nimeandika hoja zangu kwenye kadibodi."

Gemu ikafunguka. Muziki mzuri, kilima kinang'aa. Kwenye orodha kulikuwa na neno la tatu: leta mji kutoka toleo la zamani. Nikalibonyeza.

Hakuna mji uliotumwa, ikaandika.

"Jaribu tena," alisema.

Nikajaribu tena. Halafu nikaelewa, mwili mzima mara moja, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Ili mji uje, ulipaswa kwanza kutumwa. Unafungua gemu ya zamani, unachagua tuma mji, unapanda kwa watengenezaji, kisha toleo jipya linauchukua. Au ungeunakili kwenye flashi. Dakika kumi. Mji haukuwa kwenye diski. Diski ina gemu tu, kila diski duniani ina kilima kile kile kitupu. Haukuwa kwenye akaunti pia. Kuhifadhi mtandaoni kunataka uanachama wa kulipia, na yeye hakuwa nao, wa nini, wakati mchezaji mwenzake anakaa naye kochi moja? Mji ulikuwa mahali pamoja tu, ndani ya ile mashine inayonguruma.

"Mashine yangu ya zamani iko wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Huko nyuma."

"Basi tuiwashe. Hata kama inazima, dakika nane zinatosha, siyo?"

"Fundi. Niliifuta jana."

Hakuelewa. Nikalazimika kusema tena kwa maneno mengine. Nikamwambia hata wataalamu wa nje hawawezi kuurudisha, mashine hizi zinafunga kila kitu kwa ufunguo, na ukifuta, ufunguo ndio wa kwanza kutupwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu, akaitazama ile picha iliyopinda, akaizima.

"Anakuja kesho saa kumi," alisema.

"Nitaomba ruhusa kazini, nije nimweleze mwenyewe. Nilikosea mimi, wala si wewe."

Akafikiri. "Njoo basi. Nitahitaji mtu wa kuniunganishia waya pia."

Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Chumba cha mbele kilikuwa na kochi la watu wawili, limevalishwa kifuniko cha mabaki ya vitambaa, na upande mmoja umebonyea kuliko mwingine. Kwenye meza palikuwa na kadibodi imeandikwa kwa chaki ya fundi: Hoja ya kwanza. Hoja ya pili. Hoja ya tatu, mimi ni baba. Nilipiga magoti nyuma ya televisheni nikiunganisha waya, nikishukuru kwamba hakuna anayeona uso wangu.

Binti aliingia bila kubisha. Mrefu, begi bega moja, viatu amevua kwa kisigino bila kuinama.

"Shikamoo, baba. Mashine mpya! Haingurumi! Jirani atatusahau sasa." Akaniona. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema.

"Huyu ni dada wa dukani," baba yake alisema. "Kaja kutufungia mashine."

"Ehee. Baba, umeshaupandisha? Umeona watu wanavyotembea? Usiniambie umeanza daraja bila mimi. Nitaandamana."

Alikuwa ameshakaa, upande wake wa kochi, padi mkononi. Nikasimama. Nilikuwa na sentensi tayari. Nimeipanga usiku kucha na asubuhi yote. Inaanza na "Mdogo wangu". Nikafungua mdomo, na fundi akaniangalia. Halikuwa jicho la hasira. Aliinua kiganja kidogo tu, kama anavyomzuia mteja asitikisike wakati pini iko karibu na ngozi.

"Mama," akamwambia mwanawe, maana ndivyo alivyomwita, "mji umepotea."

"Umepotea vipi?"

"Nimeupoteza. Nilitoa mashine ya zamani bila kuuhamisha. Imefutwa."

Binti akacheka. Akasubiri na sisi tucheke. Kisha akabonyeza padi, akaona orodha, akaona hakuna mji, akarudi nyuma, akaingia tena. Mara tatu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi sana.

"Wote? Na nyumba ya bibi?"

"Wote."

"Lakini nilikuandikia, baba. Nilikuandikia kwenye simu: kwanza tuma mji, ndiyo upandishe. Nilikuandikia kwa herufi kubwa!"

"Uliandika. Sikusoma vizuri."

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa pana kama mlango wa gereji. Ningesema: alisoma, ndiyo maana aliniuliza "na mji?" mara ya kwanza kabisa, na mimi nikamjibu "kila kitu". Lakini kiganja cha fundi kilikuwa bado kiko hewani, na mimi, Mungu anisamehe, niliona unafuu. Joto lilinishuka mabegani. Nikainama nikajifanya nakaza waya ambao ulikuwa umekaza.

"Mama alisema," binti akasema, polepole sasa. "Alisema wewe hutunzi kitu. Mimi nikamwambia siyo kweli. Nikamwambia mbona mji anautunza."

Fundi aliokota uzi kwenye goti la suruali yake.

"Tunaweza kuanza mwingine," alisema baadaye. "Mkubwa mara tatu, si ulisema?"

Walianza. Sitasema binti alinuna. Alikuwa na adabu, na adabu ilikuwa mbaya zaidi. Aliweka barabara moja iliyonyooka. Aliuliza baba anataka shule wapi. Fundi akasema popote utakapo, na yeye akasema popote tu. Shule ikakaa katikati ya kilima, ile ya kawaida inayokuja na geti lake, na hakulitoa. Baada ya nusu saa akatazama simu, akasema mama anampitia mapema leo, ana mazoezi ya hesabu. Akambusu baba yake shavuni. Viatu akavivaa kwa mkono, akiinama.

Mlango ulipofungwa nilimgeukia fundi. "Kwa nini ulinizuia?"

"Dada yangu, kibandani kwangu nina sheria. Mteja akileta kitambaa, anamkabidhi fundi. Mwanafunzi wangu akikikata vibaya, simtaji. Nilikipokea mimi, nimekiharibu mimi. Yule aliniachia mji mimi. Hakukuachia wewe."

"Lakini sasa anaamini maneno ya mama yake."

Aliangalia kochi, ule upande ambao haukubonyea sana. "Hilo sikulipigia hesabu," alisema.

Nikateremka ngazi mbili mbili. Binti alikuwa amesimama nje ya duka la rangi, anapiga teke kizibo cha kopo kwenye ukingo wa barabara.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mji niliufuta mimi. Baba yako alikuja dukani na sharti moja tu, mji uende. Nikamdanganya. Nikamwuzia mashine isiyofaa, nikachukua diski yake, nikafuta ya zamani siku ile ile. Yeye hana kosa."

Akaniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yamekauka.

"Baba kakutuma?"

"Hajui hata kama nimeshuka kukwambia."

"Anakujua? Ni rafiki yako?"

"Ni mteja."

"Basi kama ni kweli, mbona hukusema pale juu?"

Nilikuwa na majibu matatu, na yote yalikuwa ya mtu wa dukani. Nikatafuta la nne. Gari dogo la kijivu likasimama, na mwanamke mwenye miwani ya jua akainama kufungua mlango kutoka ndani. Alinipungia mkono kwa adabu, hanijui. Binti akaingia, akaweka begi mapajani.

"Nashukuru, dada," akasema kupitia dirishani. "Umejaribu." Na kwa jinsi alivyolisema nilijua ameshaamua. Mimi ni mtu mwema aliyetumwa kumsafisha baba yake, na ameamua kunisamehe uongo wangu.

Gari likaondoka. Nilisimama pale mpaka mwenye duka la rangi akaniuliza natafuta rangi gani.

Niliporudi juu, fundi alikuwa amekaa upande wake wa kochi, padi mkononi, akiigeuza shule kutafuta jinsi ya kung'oa lile geti. Alikuwa hajui kwamba unaweka kishale juu yake na kushikilia kitufe. Nikamwonyesha. Geti likatoka, likaacha alama mbili za nguzo kwenye majani.

"Dada," akasema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Hii inajihifadhi yenyewe, au kuna pa kubonyeza?"

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikamweleza pia kwamba inajihifadhi ndani ya mashine hii tu, na namna ya kuinakili kwenye flashi, na diski isitoke nyumbani. Nilieleza kila kitu, polepole, hadi mistari ya chini kabisa. Akasikiliza, akiitikia kwa kichwa kila mara kama anayehesabu mishono.

Kisha akabonyeza. Akasubiri iandike kwamba imehifadhi. Akabonyeza tena.